Kutoka Daftari hadi Benki ya Maswali: Namna ya Kutumia Muhtasari wa Mtahiniwa wa Leseni ya Uuguzi na Ukunga, kwa Mfano wa Nyabibuye, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatua za kuunda benki ya maswali kutokana na muhtasari wa masomo ulioandikwa na mtahiniwa mmoja wa mtihani wa leseni ya uuguzi na ukunga, ambaye makazi yake ni Nyabibuye, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Hoja kuu ni kwamba mstari wa muhtasari si chanzo cha swali, bali ni kielekezi cha mahali chanzo kilipo. Mstari huo ulipofupishwa ulipoteza masharti, vipimo na tarehe ya mwongozo uliotumika, na swali lolote linalotungwa kabla ya kuvirejesha hubeba upungufu huo na kuueneza kwa wasomaji wengine. Hoja hii inathibitishwa kwa kufuatilia mstari mmoja, unaohusu magneziamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kuanzia daftarini hadi kwenye swali lililo tayari kujaribiwa.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, taaluma ya uuguzi na ukunga inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mhitimu wa chuo hawezi kufanya kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Sharti awe na leseni, na mtihani wa leseni umewekwa katikati ya mambo hayo mawili. Kwa mhitimu anayeishi mjini, maandalizi ya mtihani huu hufanyika kwa kukaa na wenzake, kuazima vitabu na kuuliza walimu wa zamani. Kwa aliyerudi nyumbani Nyabibuye, kata ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa katika wilaya ya Kibondo kabla ya wilaya ya Kakonko kuundwa mwaka 2012, maandalizi huwa ni daftari alilotoka nalo chuoni.

Daftari lililochambuliwa katika makala haya ni la aina hiyo. Mwenyewe alikubali litumike kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Limegawanywa kwa nyanja: ukunga, uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji, afya ya mtoto, afya ya jamii, afya ya akili, na maadili ya taaluma. Kwa kuwa masomo ya uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza, istilahi nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, lakini maelezo ya kuunganisha ni ya Kiswahili. Kila nyanja ina mistari mifupi, mingi yake ikiwa haina kitenzi. Lengo la mwenye daftari lilikuwa jepesi: wenzake watatu wanaojiandaa kwa mtihani huo huo walitaka mistari ile igeuzwe kuwa maswali ya kuchagua jibu, ili wajipime.

Ombi hilo linaonekana dogo, na kwa mtazamo wa haraka lingetimizwa kwa siku mbili. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini halikutimizwa hivyo.

2.0 Mambo Yanayopotea Muhtasari Unapoandikwa

Anayefupisha somo hujiandikia mwenyewe. Anaacha yale anayoamini hatayasahau na kuandika yale anayoyahofia. Kwa sababu hiyo, muhtasari mzuri kwa mwandishi wake unaweza kuwa mbovu kwa msomaji mwingine, na hata kwa mwandishi yuleyule baada ya miezi sita. Katika daftari la Nyabibuye, upotevu ulijitokeza kwa namna tatu.

Kwanza ni upotevu wa kipimo. Mstari unasema "mkojo 30". Chanzo kinasema mililita 30 kwa saa, zikikadiriwa katika saa nne zilizotangulia. Maneno "kwa saa" yameanguka, na bila hayo namba 30 haina maana ya kitabibu.

Pili ni upotevu wa sharti. Mstari unataja dozi bila kutaja njia ya kuitoa, ukolezi wa dawa, wala hali ambayo dozi hiyo haipaswi kutolewa.

Tatu ni upotevu wa tarehe. Katika nyanja ya ukunga kuna mstari unaosema kwamba kipindi cha uchungu wa kasi huanza mlango wa kizazi ukifunguka sm 4. Kurasa chache mbele, kwa wino mwingine, imeandikwa sm 5. Mwenye daftari alidhani mojawapo ni kosa la kunakili. Ukweli ni kwamba yote mawili yamenakiliwa sawasawa. Patografu iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika wodi za wazazi, huanza kuchorwa kwenye sm 4. Mapendekezo ya shirika hilohilo ya mwaka 2018 yaliweka mwanzo wa kipindi hicho kwenye sm 5, na mwongozo wake wa uangalizi wa uchungu wa mwaka 2020 ukafuata hesabu hiyo. Kwa hiyo swali lisemalo tu, "Kipindi cha uchungu wa kasi huanza kwenye sm ngapi?", halina jibu moja. Lina majibu mawili, na mtahiniwa anayesoma zaidi ndiye atakayetatizika zaidi. Swali lenye haki lazima litaje mwongozo unaoulizwa, ama liachwe.

Kutokana na hayo, hatua ya kwanza ya kazi haikuwa kutunga maswali. Ilikuwa kuurudisha kila mstari kwenye chanzo chake na kuandika, pembeni mwa mstari, jina la mwongozo na mwaka wake. Mstari ambao chanzo chake hakikupatikana haukutungiwa swali, hata kama ulionekana sahihi.

3.0 Mistari Isiyoruhusiwa Kuingia

Baadhi ya mistari ilikuwa na alama ya nyota na maneno "lilitoka". Hayo ni maswali ambayo mtahiniwa aliyetangulia aliyakumbuka baada ya kutoka chumba cha mtihani na kuyasimulia. Mistari hiyo yote iliondolewa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya maadili: mtihani wa leseni unamlinda mgonjwa, na swali likishasambazwa halipimi tena ujuzi bali linapima ni nani aliyeambiwa. Ya pili ni ya kitaalamu. Aliyelikumbuka swali alikumbuka pia jibu alilochagua yeye, si jibu la mtunzi. Swali la namna hii huja na ufunguo wa jibu ambao haukuthibitishwa na mtu yeyote, lakini wasomaji huuamini kuliko kitabu kwa sababu tu "lilitoka".

4.0 Mfano Kamili: Mstari wa Magneziamu Salfeti

Katika nyanja ya ukunga, mstari unaohusu kifafa cha mimba unasomeka hivi: "Mag. 4 mshipa + 10 msuli; baadaye 5 kila saa 4; angalia pumzi, goti, mkojo 30." Namba zote ni sahihi. Hata hivyo, swali la kwanza lililotungwa moja kwa moja kutokana na mstari huo lilikuwa baya:

Dozi ya kuanzia ya magneziamu salfeti ni ipi? (A) gramu 4 (B) gramu 5 (C) gramu 10 (D) gramu 14.

Mtunzi alikusudia A. Lakini gramu 4 ni sehemu inayopitia mshipa wa damu, gramu 10 ni sehemu inayochomwa kwenye msuli, na gramu 14 ni jumla ya dozi yote ya kuanzia. Mtu anayeijua dawa hii vizuri anaweza kuitetea A, C au D. Swali halipimi ujuzi wa ukunga. Linapima uwezo wa kubahatisha mtunzi alikuwa na nini akilini.

4.1 Kurejesha mstari

Mstari uliporudishwa kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu matatizo ya ujauzito na uzazi, ulikunjuka kuwa maelezo yafuatayo. Dozi ya kuanzia ina sehemu mbili. Kwanza mama hupewa gramu 4 za dawa yenye ukolezi wa asilimia 20, kupitia mshipa, polepole, kwa muda usiopungua dakika 5. Mara baada ya hapo huchomwa gramu 10 za dawa yenye ukolezi wa asilimia 50, gramu 5 kila tako, ndani ya msuli. Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 za ukolezi wa asilimia 50 kwenye msuli kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, mkunga huhakikisha mambo matatu: pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mguu kuruka goti linapogongwa, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi huzuiwa au hucheleweshwa. Pumzi zikikoma, mama husaidiwa kupumua na kupewa kalsiamu glukoneti gramu 1 kupitia mshipa, polepole.

Maelezo haya yana uamuzi mbili ambazo mkunga wa zahanati hukutana nazo kwa mikono yake, na ambazo mstari wa daftari umezificha. Uamuzi wa kwanza ni kupata ukolezi wa asilimia 20 kutoka kwenye ampuli ya asilimia 50. Wa pili ni kuamua iwapo dozi inayofuata itolewe. Maswali mawili yalitungwa juu ya uamuzi hizo, si juu ya namba.

4.2 Swali la kuchanganya dawa

Ampuli ya mililita 10 yenye ukolezi wa asilimia 50 ina gramu 5 za dawa, yaani kila mililita moja ina nusu gramu. Gramu 4 zinapatikana katika mililita 8. Ili gramu hizo 4 ziwe na ukolezi wa asilimia 20, ujazo wote unapaswa kuwa mililita 20. Kwa hiyo mililita 8 za dawa huongezewa mililita 12 za maji ya sindano. Hesabu hii ndiyo ufunguo wa jibu.

Vipotoshi havikubuniwa ovyo. Kila kimoja kilitokana na kosa linaloweza kutajwa kwa jina. Mtu anayedhani mililita moja ni gramu moja atavuta mililita 4. Mtu aliyeizoea dozi ya kuendeleza atavuta ampuli nzima. Mtu aliyechanganya sehemu ya mshipa na sehemu ya msuli atavuta mililita 20 bila maji, yaani gramu 10. Katika majibu yote manne ujazo wa bomba la sindano ni mililita 20, ili urefu au umbo la jibu lisimdokezee mtahiniwa lolote. Swali lilihifadhiwa kwa umbo la GIFT, ambalo mfumo wa Moodle unalisoma, na ambalo linaruhusu maelezo mafupi ya kosa kuandikwa baada ya kila jibu:

```
::UKUNGA-MAG-01::Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji gramu 4 za magneziamu salfeti kwa mshipa, ukolezi wa asilimia 20. Una ampuli za mililita 10 zenye ukolezi wa asilimia 50. Utachanganya vipi?{
~Dawa ml 4 na maji ml 16#Umehesabu ml 1 kuwa gramu 1. Hizi ni gramu 2 tu.
=Dawa ml 8 na maji ml 12#Gramu 4 katika ml 20.
~Dawa ml 10 na maji ml 10#Hizi ni gramu 5, ukolezi wa asilimia 25.
~Dawa ml 20 bila maji#Hizi ni gramu 10, tena hazikuchanganywa.
}
```

Faida ya mpangilio huu huonekana baada ya mtu kukosea. Benki ya kawaida humwambia kwamba amekosa. Hii humwonyesha hatua ya hesabu ambapo alipotea njia.

4.3 Swali la kuzuia dozi

Swali la pili linaeleza hali: saa 4 zimepita tangu dozi ya kuanzia, mama anapumua mara 18 kwa dakika, mguu unaruka goti linapogongwa, mfuko wa mkojo una mililita 80 zilizokusanywa katika saa hizo 4. Mtahiniwa anaulizwa afanye nini kuhusu dozi inayofuata.

Mililita 80 zikigawanywa kwa saa 4 ni mililita 20 kwa saa, pungufu ya 30. Dozi inazuiwa, mama anaendelea kuangaliwa kwa karibu, na sababu ya mkojo kuwa kidogo inatafutwa, kwa kuwa dawa hii hutoka mwilini kupitia figo na mkojo ukipungua dawa hujilundika. Mtahiniwa aliyekariri "mkojo 30" ataona 80, atalinganisha na 30, ataridhika na kuchagua kutoa dozi. Swali hili basi linatenganisha aliyeelewa na aliyekariri mstari. Mwenye daftari alipojaribu swali hili mara ya kwanza, yeye mwenyewe alichagua kutoa dozi. Alipoonyeshwa hesabu alirudi kwenye daftari na kuongeza maneno "kwa saa" kwa kalamu nyekundu. Marekebisho hayo ya maneno mawili ndiyo mafanikio makubwa zaidi ya zoezi zima, kwa kuwa kosa lile lingevuka mtihani likiwa zima na kumfuata wodini.

5.0 Uzito wa Nyanja

Mgawanyo wa kurasa daftarini haufanani na uzito wa nyanja katika kazi ya muuguzi. Mwandishi wa muhtasari huandika sana mahali anapojiona dhaifu. Katika daftari hili ukunga umechukua nafasi kubwa kuliko nyanja nyingine yoyote, na maadili ya taaluma yamepewa nafasi ndogo kabisa. Kama kila mstari ungetoa swali moja, benki ingekuwa picha ya hofu za mtu mmoja.

Tiba ya tatizo hili ni jedwali la kutahini, linaloandaliwa kabla ya maswali. Safu zake zinaonyesha nyanja kama zilivyo katika mtaala wa ngazi ya mtahiniwa, na nguzo zake zinaonyesha kiwango cha fikra kinachodaiwa: kukumbuka, kutumia, na kufanya uamuzi. Idadi ya maswali kwa kila chumba cha jedwali huamuliwa kwanza. Kisha mistari ya daftari huwekwa kwenye vyumba hivyo. Chumba kilichobaki kitupu ni taarifa kwa mtahiniwa kwamba hapo hana muhtasari, na kwamba anapaswa kurudi kwenye kitabu. Chumba kilichofurika hupunguzwa. Katika kazi hii mistari mingi iliangukia "kukumbuka", jambo linalotarajiwa, kwa kuwa muhtasari kwa asili yake huhifadhi majina na namba, si uamuzi. Maswali ya uamuzi, kama lile la mkojo, yalipatikana tu baada ya mistari kukunjuliwa.

6.0 Kupima Maswali na Mipaka ya Vipimo

Swali likishatungwa hujaribiwa. Vipimo viwili vinatosha kwa kuanzia. Fahirisi ya ugumu ni uwiano wa waliopata jibu kwa waliojaribu. Fahirisi ya upambanuzi hulinganisha nusu ya watahiniwa waliopata alama za juu katika jaribio zima na nusu ya waliopata alama za chini.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, wenye watahiniwa 20. Swali la kwanza limepatiwa na 8 kati ya 10 wa juu na 4 kati ya 10 wa chini. Ugumu wake ni 12/20, yaani 0.60, na upambanuzi wake ni (8 − 4)/10, yaani 0.40. Swali hili linafanya kazi. Swali la pili limepatiwa na 3 wa juu na 7 wa chini. Ugumu wake ni 0.50, namba isiyoshtua mtu. Lakini upambanuzi wake ni −0.40: wanaojua zaidi ndio wanaolikosa. Alama ya kutoa ya namna hii karibu kila mara huonyesha kosa la mtunzi, si la watahiniwa. Mfano unaofaa ni swali la sm 4 na sm 5 lililotajwa katika sehemu ya 2.0. Kama ufunguo ni sm 4, waliosoma mwongozo mpya watachagua sm 5 na kuhesabiwa wamekosa.

Mpaka wa vipimo hivi lazima usemwe wazi. Watahiniwa wanne wa Nyabibuye hawatoshi kutoa fahirisi yenye maana, kwa kuwa jibu la mtu mmoja lingehamisha ugumu kwa 0.25. Kwa kundi dogo kiasi hicho, njia inayofaa ni kumketisha mtahiniwa na kumwomba aeleze kwa sauti kwa nini amechagua jibu fulani na kwa nini ameyakataa mengine. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu, na ambacho hakuna anayeweza kueleza kwa nini mwenzake angekichagua, hubadilishwa. Jibu sahihi lililochaguliwa kwa sababu isiyo sahihi huhesabiwa kuwa kasoro ya swali.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kazi ya kugeuza muhtasari kuwa benki ya maswali iko zaidi katika kukunjua kuliko kutunga. Kwa kila mstari, mtunzi anapaswa kuweza kutaja mwongozo uliozaa mstari huo na mwaka wake, sharti lililoachwa, na kosa linalowakilishwa na kila kipotoshi. Asipoweza kutaja mojawapo ya hayo, mstari hauko tayari kuwa swali. Benki iliyopatikana kwa njia hii ni ndogo kuliko ile iliyotarajiwa na wenye ombi, na itahitaji kupitiwa upya kila mwongozo unapobadilika. Ndiyo maana tarehe ya chanzo imewekwa ndani ya kumbukumbu ya kila swali, ili atakayelisoma miaka mitano ijayo aweze kujua ni lini linapaswa kuondolewa.